Picha ya daftari na neno "Panga": uanze na lipi?

*"Shikamoo. Nafanya kazi duka la pembejeo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwenye duka, ninayemwita Mama, yuko safarini Makambako. Asubuhi hii, Jumatatu tarehe 24 Novemba, amenitumia WhatsApp picha ya ukurasa wa daftari lake, chini kaandika 'Panga kwa umuhimu, kisha anza.' Basi. Hakuna tarehe wala maelezo. Kuanzia juu yapo haya: Luku. Mbegu, piga simu. Leseni. Fundi paa. Urea lori (kaizungushia duara mara mbili). Mzani (kaukata kwa mstari). Hesabu stoo. Chaga 10, au 70, sioni vizuri. Mishahara. TRA. Mzee wa Igawilo. Bango. Ada. Wiki iliyopita nilifuata alivyoandika, akanigombeza. Nikimuuliza kila kimoja, anaudhika. Nipangeje?"*

Marahaba, binti. Kilichokuponza wiki iliyopita ni kudhani kwamba ukurasa una mpangilio ndani yake. Mtu akiandika mambo ya kufanya usiku kabla ya safari, huyaandika kadiri yanavyomjia kichwani. Luku iko juu pengine kwa sababu taa zilikuwa zinawaka mbele yake alipofungua daftari. Mishahara iko chini kwa sababu ni jambo la kila mwezi, halimkoseshi usingizi. Ukifuata mistari kutoka juu kwenda chini, unafuata kumbukumbu zake tu.

Hata lile duara mara mbili usilichukulie kama amri ya kuanza nalo. Duara linaonyesha jambo linalomtia wasiwasi. Linakuambia atakachouliza kwanza akipiga simu, kwa hiyo uwe na jibu lake tayari. Kama mikono yako ianze nalo au la, hilo ni swali jingine, na kwa ukurasa huu jibu ni hapana. Nitakuonyesha kwa nini.

Kabla ya kupanga chochote, nakili. Fungua picha, ikuze, uandike mstari mmoja mmoja kwenye karatasi yako kama ulivyo, bila kusahihisha wala kuongeza neno. Aliandika "TRA" peke yake, nawe andika "TRA" peke yake. Usiandike "kulipa TRA", maana hilo la kulipa hujaambiwa. Penye shaka tia alama ya kuuliza pembeni. Kisha itazame picha yenyewe kama unavyotazama risiti yenye mashaka: je, ukingo wa chini umekatika katikati ya mstari? Je, kuna maandishi ya upande wa pili yanayoonekana kwa mbali? Kalamu imebadilika rangi mahali fulani? Wino wa rangi nyingine mara nyingi ni siku nyingine, na mistari ya siku nyingine huenda imeshapitwa na wakati. Na kwa kuwa mzee wa Igawilo anaweza kuwa mdaiwa, picha hiyo isiende kwenye kundi la wafanyakazi. Ibaki kwako.

Mzani uliokatwa uandike pia, chini kabisa, na maneno "umekatwa, sijaugusa". Mstari mmoja juu ya neno unaweza kuwa na maana ya kwamba kazi imekwisha, na unaweza kuwa na maana ya kwamba ameahirisha. Ukiuacha kabisa, Mama hatajua kama uliuona. Ukiuandika, atakurekebisha kwa neno moja ikibidi.

Sasa chaga. Hapa unaweza kujisaidia mwenyewe kabla ya kuuliza. Chaga zinahitajika kwa ajili ya urea, na urea inakuja kwa mifuko ya kilo 50. Kwenye chaga ya kawaida ya mbao unapanga mifuko minne kwa tabaka, matabaka matano, jumla mifuko 20, yaani tani moja. Lori la tani 10 lina mifuko 200, na mifuko 200 inataka chaga 10. Chaga 70 zingetaka tani 70, na kwa duka la Mwanjelwa huo ni mzigo usioingia stoo. Kwa hiyo 10 ndiyo inayoelekea kuwa sahihi. Iandike hivyo, lakini usimlipe seremala kabla Mama hajaitikia, kwa sababu hujui lori ni la tani ngapi, na mbao zikishakatwa hazirudi.

Umeshanakili. Watu wengi hapa hukimbilia kuuliza lipi ni la haraka. Mimi nakushauri uanze na lipi linasubiri lipi, halafu ndipo utafute tarehe. Sababu ni kwamba tarehe hurithiwa. Jambo lisilo na tarehe hata kidogo, kama fundi wa paa, linaweza kuchukua tarehe ya jambo jingine lililokaa juu yake. Ukipanga kwa tarehe kwanza, fundi utamweka chini kwa sababu hana tarehe, kisha lori litafika stoo ikiwa bado inavuja.

Chukua kila mstari uuulize swali moja: nini lazima kiwe kimekwisha ndipo hiki kianze? Uliza kuhusu urea. Urea ni mbolea inayonyonya unyevu, hata ule wa hewani tu. Mfuko uliokaa juu ya sakafu yenye majimaji hugandamana ukawa kama jiwe, na ukichanika kidogo unaanza kuyeyuka. Mteja akiubonyeza akakuta bonge, anauacha. Kwa hiyo lori lisishushe kabla chaga hazijawekwa, na hata chaga hazitasaidia ikiwa maji yanadondoka kutoka juu. Paa kwanza, sakafu ikauke, chaga ziingie, ndipo lori. Hiyo ni kamba moja yenye mafundo manne, na jambo lililozungushiwa duara ndilo fundo la mwisho.

Uliza tena kuhusu simu ya mbegu. Msambazaji atakuuliza unataka mbegu gani na kiasi gani. Huwezi kujibu kabla hujajua zimebaki pakiti ngapi. Maana yake simu ya mbegu inasubiri hesabu ya stoo. Lakini hesabu ya stoo nzima ni kazi ya siku nzima kwa watu wawili, na huwezi kuifanya vizuri wakati fundi yuko juu ya vichwa vyenu anang'oa bati. Hapo usikwame. Ligawe jambo: hesabu mbegu peke yake, kwa aina na kwa uzito wa pakiti, kazi ya nusu saa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo simu inaisubiri. Hesabu iliyobaki iweke baada ya paa, tena baada ya mishahara. Ukikuta jambo kubwa linaziba jambo dogo la haraka, tazama kama ni kipande chake tu kinachoziba. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Kuna pia kusubiri kwa uongo. Bango liko karibu na mwisho wa orodha, na mtu anaweza kusema lisubiri leseni, au lisubiri stoo ipendeze. Hakuna kinachozuia bango lisichorwe leo, na hakuna kinachoharibika likichorwa Januari. Jambo ambalo halisubiri chochote na halisubiriwi na chochote hukaa chini bila aibu.

Mistari inayohitaji uangalifu zaidi kwenye ukurasa huu ni mitatu inayoonekana mifupi: "Leseni", "TRA" na "Ada". Imetawanyika, lakini inaweza kuwa jambo moja. Leseni ya biashara huitolei maombi halmashauri ukiwa mikono mitupu. Wanataka hati ya TRA inayoonyesha kwamba hudaiwi kodi, kisha unalipa ada. Kwa maana hiyo TRA ingetangulia, leseni ingefuata, na "Ada" ingekuwa ada ya leseni hiyo hiyo. Lakini zinaweza pia kuwa vitu vitatu tofauti. TRA inaweza kuwa awamu ya mwisho ya kodi ya makadirio, ambayo kwa wanaotumia mwaka wa kalenda mwisho wake ni tarehe 31 Desemba. Ada inaweza kuwa ya mtoto, shule zikifunguliwa Januari. Na leseni, kwa duka la pembejeo, si moja: mbolea iko chini ya TFRA, mbegu chini ya TOSCI, viuatilifu chini ya TPHPA, mbali na ile ya biashara ya halmashauri. Neno moja kwenye daftari linaweza kuelekea ofisi nne.

Hapa usikisie. Lakini usiulize kabla hujatazama ukutani. Leseni ya biashara inatakiwa ibandikwe mahali inapoonekana, na ina tarehe ya kuisha. Zisome zote zilizopo ukutani na kwenye faili, andika tarehe ya kila moja. Iliyobakiza siku chache kuliko nyingine karibu hakika ndiyo Mama aliyoikumbuka. Ukikuta moja inaisha tarehe 15 Desemba, umepata jibu na tarehe kwa mkupuo mmoja, na swali lako kwa Mama linakuwa la kuthibitisha tu.

Hivyo ndivyo tarehe zinavyopatikana hata kama hazikuandikwa. Zipo nje ya daftari, na kazi yako ni kujua pa kuzitafuta. Kwa duka lako zimekaa mahali patatu: kwenye sheria, kwenye vitu vya dukani vyenyewe, na kwenye msimu.

Sheria na kalenda zinakupa mishahara. Mwisho wa mwezi huu, tarehe 30, ni Jumapili. Mfanyakazi anataka pesa yake kabla ya hapo, kwa hiyo tarehe halisi ni Ijumaa, tarehe 28. Kama kuna kodi inayokatwa kwenye mishahara hiyo, inapaswa kufika TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ambayo nayo mwaka huu ni Jumapili, basi ihesabu kuwa Ijumaa tarehe 5. Jumanne ya tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru, ofisi zimefungwa. Ukitandika siku hizo kwenye karatasi utaona wiki mbili zijazo zina siku chache za ofisi kuliko ulivyodhani.

Vitu vya dukani vinakupa Luku. Nenda kwenye kimita, soma yuniti zilizobaki. Zikiwa 12, na duka linatumia kama yuniti 3 kwa siku, una siku nne. Nunua Jumatano ukalale salama. Zikiwa 2, nunua sasa hivi. Huhitaji kumuuliza mtu yeyote, na jambo lililokuwa juu kabisa ya ukurasa linapata mahali pake kwa kusoma kimita tu.

Msimu ndio mkubwa kuliko vyote, na ndio unaolishusha lile duara. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Novemba hadi Aprili au Mei. Mvua zikishika, wakulima wa Uyole, Igawilo na Mbalizi wanapanda mahindi, na siku hizo wanaulizia mbegu na mbolea ya kupandia, DAP na jamaa zake. Urea ni ya kukuzia. Mkulima anaitafuta wiki tatu, nne au zaidi baada ya kupanda, mahindi yakikaribia magotini. Kwa hiyo anayeingia dukani wiki hii bila kukuta mbegu anakwenda duka la jirani, na huko huko atanunua mbolea yake. Anayekosa urea wiki hii hajaathirika bado. Mbegu inasukumwa na siku, urea inasukumwa na wiki. Mama anaogopa urea kwa sababu ndiyo pesa nyingi na ndiyo inayopandisha bei ghafla, na wasiwasi wake ni wa haki. Lakini ndani ya wiki hii kinachotakiwa kwa ajili ya urea ni paa na chaga, na hivyo ndivyo utakavyomjibu akipiga simu.

Ila kuna sharti. Haya yote ni kweli ikiwa lori halijapakiwa. Kama "Urea lori" maana yake ni kwamba lori limeshaondoka na linafika kesho kutwa, basi mpangilio mzima unapinduka: leo unatafuta turubai na chaga za kuazima, na fundi anaziba kwanza pale panapovuja juu ya sehemu moja tu ya stoo. Jibu la swali hilo linageuza kila kitu, kwa hiyo hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza Mama.

Limebaki suala la ugumu wa kazi. Usiandike "rahisi" na "ngumu", hazikusaidii. Kila mstari uandikie vitu viwili: mikono yako itashughulika muda gani, na baada ya hapo utasubiri muda gani. Simu ya mbegu ni dakika kumi za mikono, lakini mzigo unaweza kuchukua siku mbili tatu kufika. Fundi paa ni simu ya dakika tano, kisha unamsubiri aje kuona, anataja bati na misumari, unanunua, anapanga siku, na mvua ya mchana inaweza kumshusha asimalize. Seremala wa chaga ni hivyo hivyo. Mishahara ni kinyume: inakula saa mbili zako za hesabu, lakini ukimaliza imekwisha, hakuna kusubiri.

Ukishaandika hivyo utaona kwamba mambo yenye kusubiri kwingi yanatakiwa yaanzishwe asubuhi ya leo, hata yale ambayo mwisho wake uko mbali, kwa sababu muda wa kusubiri unakwenda wenyewe wakati wewe unafanya kazi nyingine. Simu tatu kabla ya saa nne asubuhi zinaweka watu watatu kazini kwa ajili yako. Ukianza na mishahara saa mbili na kuwapigia simu saa nane mchana, fundi atakuambia kesho, na umepoteza siku nzima ya jua.

Kuhusu vitu vidogo vidogo, kuna ushauri unaozunguka kwamba uvimalize kwanza ili orodha ipungue. Kwa ukurasa kama huu ungejikuta saa sita mchana umenunua Luku, umemuulizia mchoraji wa bango, umempigia mzee wa Igawilo, na mambo manne yanayozuia mengine hayajaguswa. Kidogo kinachofungua kingine kitangulie. Kidogo kisichofungua chochote kikusanye na wenzake jioni, wateja wakipungua.

Mzee wa Igawilo nimemtaja kama mdogo, lakini mtazame mara ya pili. Kama ni mdaiwa, anaweza kuwa anazuia kitu ambacho hakikuandikwa popote: pesa. Mbegu, bati za paa, mishahara na leseni zote zinatoka kwenye mfuko mmoja, na picha haionyeshi mfuko una kiasi gani. Huu ndio ufungamano unaosahaulika kuliko wote, kwa sababu mistari haionyeshi kuhusiana hadi siku pesa inapopungua. Hesabu makadirio ya yanayotakiwa kulipwa hadi Ijumaa, linganisha na kilichopo. Kama inatosha, mzee anasubiri jioni. Kama haitoshi, mzee anapanda hadi kwenye simu za asubuhi. Na kama haitoshi hata akilipa, hapo umefika mwisho wa madaraka yako. Kuchagua kati ya mshahara wa mwenzako na mzigo wa mbegu ni uamuzi wa mwenye duka, usiufanye kimya kimya kwa kupanga mstari mmoja juu ya mwingine.

Ukimrudishia Mama jibu, usimpe namba kuanzia 1 hadi 13. Namba kumi na tatu zinadai kwamba unajua kwa nini la tisa limeizidi la kumi, na hujui. Mpe mafungu matatu, la kwanza tu likiwa na mfuatano kamili. Tenganisha ulichokisoma na ulichokikisia. Maswali yasizidi matatu, na yawe yale ambayo jibu lake linabadilisha mpangilio, mengine yaache. Kila swali lijibike kwa neno moja akiwa kwenye basi, na useme utafanya nini asipojibu. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

> Mama shikamoo. Nimepanga hivi.
> LEO: nahesabu mbegu, kisha nampigia msambazaji. Fundi paa aje aone leo. Seremala anitajie bei ya chaga. Nasoma tarehe za leseni zote.
> HADI IJUMAA: paa liishe, mishahara Ijumaa tarehe 28, Luku Jumatano (zimebaki yuniti 12), mzee wa Igawilo jioni ya leo.
> BAADAYE: urea paa na chaga zikiwa tayari, hesabu ya stoo yote, bango. Mzani umeukata, sijaugusa.
> Nimekisia: chaga ni 10, lori ni la tani 10, lori halijapakiwa.
> Naomba unijibu: 1. Lori limeshapakiwa? 2. TRA na Ada ni za leseni? 3. Pesa isipotosha, itangulie mbegu au mishahara?
> Simu nazipiga sasa. Chaga sitalipia kabla hujajibu.

Tazama ule mstari wa "Nimekisia". Bila huo, Mama ataona "chaga 10" na kudhani umesoma 10, wala hataangalia daftari lake. Ukiuweka, jicho lake litakwenda hapo kwanza. Kosa baya zaidi katika kazi hii ni kisio kilichovaa nguo za ukweli: tarehe uliyoibuni mwenyewe, ukaiandika kama vile uliambiwa, na siku tatu baadaye hata wewe unaiamini.

Utajuaje kwamba umepanga vibaya? Dalili ni mbili. Ukianza jambo likasimama katikati kwa sababu kuna kitu hakipo, kuna kusubiri ambako hukukuona. Rudi kwenye swali la "nini kiwe kimekwisha kwanza" na uliulize tena kwa mstari huo. Na ukikuta fungu la LEO lina mambo tisa, maana yake hukutafuta tarehe, umeogopa tu. Kwa mtu mmoja anayehudumia wateja kaunta, mambo ya leo yasizidi manne au matano, tena mengi yawe ya kuanzisha tu, kama zile simu.

Itunze karatasi yako pamoja na picha ya leo, uandike tarehe juu yake. Picha ya wiki ijayo ikija, zilinganishe. Mstari unaojirudia wiki tatu mfululizo mara nyingi ni mkubwa mno kwa mstari mmoja, au unasubiri kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

Yapo mawili ambayo huwezi kuyapanga ukiwa kaunta. Ukikuta leseni yoyote imeshapita tarehe yake, usiliweke kwenye fungu lolote. Mpigie Mama kwa sauti siku hiyo hiyo, kisha mmoja wenu aende mwenyewe kwa ofisa biashara wa halmashauri au kwenye mamlaka husika, na vyeti mkononi, aulize kama kuna faini na kama mnaruhusiwa kuendelea kuuza bidhaa hiyo. Na kama "TRA" itakuwa ni barua au deni, mtu wa kulisoma ni mhasibu wa duka au ofisa wa TRA Mbeya, akiwa na karatasi mbele yake. Picha ya daftari haitoshi kwa hilo, hata ikiwa imepigwa vizuri namna gani.

Kwa sasa hivi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, kazi yako ni zile pakiti za mbegu. Hesabu kwa aina, UH 615 mbali na nyingine, pakiti za kilo 2 mbali na za kilo 10, uandike, kisha uchukue simu.